Tisa kati ya kumi: kisa cha usaili wa mtunza stoo

Jumamosi jioni mpwa wangu alinipitia dukani Nkuhungu, simu mkononi, uso umechangamka.

"Shikamoo mjomba. Nimepata tisa kati ya kumi."

"Marahaba. Tisa ya nini?"

Ya usaili, akasema. Alikuwa ameitwa aende Jumatano ijayo kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti upande wa Kizota, kazi ya mtunza stoo. Tangu Alhamisi alikuwa akifanya mazoezi na chatiboti: yeye msailiwa, chatiboti msaili, na mwisho akaiomba impe alama. Ikampa tisa, na maneno matamu chini yake.

Kabla sijafungua hii steshenari nilikuwa ofisa utumishi, na nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi. Tisa kati ya kumi siikumbuki kumpa mtu. Nikamwomba simu nisome mazungumzo yote tangu juu. Ninachoandika hapa ni yale niliyoyakuta na tuliyoyafanya kuanzia jioni ile mpaka Jumatano, kwa sababu wanaokuja dukani kuchapa barua za maombi wanaitumia chatiboti hivyo hivyo, na wanaondoka na tisa zao.

Cha kwanza kilichonishtua hakikuwa alama. Alikuwa amebandika wasifu wake mzima: namba ya NIDA, namba ya simu, na majina ya wadhamini watatu pamoja na namba zao. Wale watu walikubali kupigiwa simu na mwajiri, hawakukubali kuwekwa huko. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Chatiboti haihitaji namba ya NIDA ili ikuulize habari za stoo. Nilipomaliza kuyasoma tulifuta mazungumzo yale, tukatengeneza wasifu mfupi usio na jina: stashahada ya ununuzi na ugavi, wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye ghala la nafaka Kibaigwa, basi.

Sasa mazungumzo yenyewe. Ombi lake la kwanza lilikuwa sentensi moja: nifanyie usaili wa mtunza stoo. Chatiboti ikamwaga maswali kumi kwa mpigo, kila moja na mfano wa jibu chini yake. Akayasoma, akayajibu kwa maneno yanayofanana na mifano ile ile, na chatiboti ikayasifia. Kwa maneno mengine alipewa mtihani pamoja na majibu, kisha akasahihishwa na aliyeandika majibu hayo. Swali moja lilimuuliza anatarajia mshahara kiasi gani kwa mwaka, jambo ambalo hapa Dodoma hakuna mwajiri wa kiwanda atakayekuuliza. Hapa watu wanataja cha mwezi. Jingine lilimuuliza kwa nini anataka kuacha kazi yake ya sasa, na hajawahi kuajiriwa. Alilijibu pia!

Nikasimama kwenye jibu moja. Swali: ukikuta mzigo uliopo stoo haulingani na leja, utafanya nini? Alikuwa ameandika:

"Nitafuatilia kwa makini, nitashirikiana na wenzangu na kutoa taarifa kwa uongozi ili tatizo litatuliwe kwa wakati."

Kwa hili alipata nane. Lisome tena uone kama kuna neno hata moja la stoo ndani yake. Nesi angeweza kulisema, mwalimu angeweza kulisema, hata mwenyekiti wa mtaa.

Jopo linalojua kazi huingia chumbani na mwongozo wa alama, na kwenye swali hili mwongozo unatafuta vitu vinavyoshikika. Je, mwombaji anasimamisha kutoa bidhaa ile kwanza, ili hesabu isiendelee kukimbia? Je, anahesabu upya akiwa na mtu wa pili? Je, anajua kurudi nyuma kwenye hati za kupokelea na hati za kutolea tangu hesabu ya mwisho iliyokubaliwa? Na kubwa kuliko yote, je, anajua kwamba leja hairekebishwi na mtunza stoo peke yake ili ilingane na kilichopo? Anayesema atasahihisha leja, mara nyingi jopo linamalizana naye hapo hapo, kwa kuwa ndivyo wizi unavyofichwa.

Nikampa mfano kwenye karatasi. Leja inasema madumu 214 ya lita 20. Unahesabu, unakuta 206. Yamepungua manane. Unatoa hati za kutolea za wiki ile, unaziweka kando ya delivari noti walizosaini madereva. Hati moja inasema yalitoka madumu 12, lakini dereva amesaini kupokea 20. Manane yako ni hayo. Hayajaibwa, mtu kaandika vibaya. Ila bado unaandika taarifa, mkuu wako anaidhinisha, ndipo leja inaguswa.

"Kumbe ndiyo wanataka hivyo," akasema. Alikuwa anayajua yote haya kutoka chuoni. Shida ni kwamba msaili wake hakuwahi kumbana ayaseme.

Hapo ndipo tulipoanza upya. Nilimwandikia maelekezo haya, akayabandika kwenye mazungumzo mapya:

```
Wewe ni msaili wa kiwanda cha mafuta ya alizeti Tanzania.
Nafasi: mtunza stoo, ngazi ya stashahada, hana uzoefu wa ajira.
Uliza swali moja tu, kisha subiri jibu.
Jibu likiwa la jumla, uliza swali la nyongeza moja.
Usisifie, usisahihishe, usitoe mfano wa jibu.
Maswali matano. Ukimaliza andika MWISHO, usitoe alama.
```

Mistari miwili ndiyo iliyobadilisha mambo. Ule wa swali la nyongeza uliifanya chatiboti ifanye kile anachofanya msaili wa kweli: jibu lile la kufuatilia kwa makini lilipotoka safari hii, ikamuuliza afuatilie nyaraka gani, na kwa mpangilio gani. Binti akakaa kimya kama dakika nzima anaangalia kioo. Ule wa kutotoa alama nitaueleza sasa hivi.

Alama tulizitafuta kwenye mazungumzo mengine kabisa. Chatiboti iliyokuwa inakusaili inaburuta mazungumzo yote nyuma yake. Ikishakusifia mara tatu, ya nne inafuata mkondo ule ule. Isitoshe, mitambo hii imefunzwa kwa sehemu kwa watu kuchagua majibu waliyoyapenda, na watu tunapenda kusifiwa, kwa hiyo ina mwelekeo wa kukupendeza hata usipoomba. Ukiiuliza "nimefanyaje?" ushaiambia kwamba mwenye jibu ni wewe na unangoja. Tukanakili maswali na majibu, tukayaita ya mwombaji namba 7, tukayapeleka kwenye ukurasa mpya pamoja na kipimo:

```
Toa alama 0-4 kwa kila jibu.
0 = hakujibu swali
1 = maneno ya jumla, hakuna hatua ya kazi
2 = ametaja hatua moja au mbili sahihi
3 = hatua kwa mpangilio, na hati zinazohusika
4 = kama 3, pamoja na tukio halisi alilofanya
Nukuu maneno ya mwombaji yanayothibitisha alama.
Bila nukuu, usizidishe 1.
```

Mstari wa nukuu ndio breki. Bila huo, chatiboti itakwambia jibu limeonyesha uwajibikaji, nawe huwezi kubisha. Ikilazimika kunukuu, ama inalileta neno lako mwenyewe ulione, ama inakosa cha kuleta na alama inashuka.

Tisa kati ya kumi ikawa 11 kati ya 20. Binti akanuna kidogo. Nikamwambia asubiri, hata hiyo 11 tusiiamini bado.

Tulirudia kusahihisha yale yale, kurasa mpya mbili nyingine, bila kubadili herufi. Ya pili ikatoa 10, ya tatu 12. Angebaki kwenye jumla angedhani amepanda au ameshuka, na hakuna aliyefanya lolote. Lakini ukitazama swali moja moja, picha ni nyingine. Swali la mzigo usiolingana lilipata 1, 1 na 1. La mzigo unaoharibika, 2 mara zote tatu. La bosi anayetaka kuchukua mafuta bila hati, 4 mara zote. Hapo alikuwa amesimulia jambo la kweli na akalisimulia vizuri. La mshahara, 1 mara zote. Lililoyumba ni la kujieleza tu: 3, 2, 4. Kwa hiyo la kujieleza tukaliacha lilivyo, maana pale alama ilikuwa bahati nasibu, tukashika yale yaliyokaa chini kila mara. Ukiwa na jioni nne tu mpaka usaili, kujua pa kutogusa nako ni faida.

Majaribio mengine tuliyafanya kwa uchokozi wangu mwenyewe. Tuliingiza jibu baya la makusudi: kwenye mzigo usiolingana, mwombaji anasema atarekebisha leja ilingane na kilichopo ili kazi iendelee. Kwa kipimo chetu chatiboti ililipa 2, kwa hoja kwamba ametaja hatua ya kazi. Kosa la kipimo, kosa langu. Sikuwa nimeandika kwamba kuna jibu linalomfukuzisha mtu. Nikaongeza mstari, kwamba anayesema atabadilisha leja bila idhini anapata 0, ikakaa sawa. Funzo la pale ni kwamba chatiboti haikujua stoo kuliko mimi, ilijua nilichoiandikia. Mtu asiye na mtu wa fani karibu aanze na tangazo la kazi lenyewe, sehemu ya majukumu, atengeneze kipimo kutoka humo.

Kisha tukajaribu ukali. Tuliondoa kipimo, tukaandika tu: uwe mkali sana, usimwonee huruma. Lile jibu la bosi na mafuta, lililokuwa linapata 4 kila mara, likaanguka na kupewa 4 kati ya 10, na makosa yakatafutwa mpaka yakapatikana, likiwemo la kutotaja mfumo wa kompyuta ambao hakuna aliyeuulizia. Hapo mpwa wangu akacheka. "Kumbe mjomba inafanya tu unachotaka." Ndiyo. Ukiomba sifa inakupa, ukiomba kipigo inakupa, na vyote viwili ni utiifu ule ule.

La mwisho lilikuwa urefu. Tulichukua jibu lake la mzigo unaoharibika, tukalirefusha maradufu kwa maneno matupu ya umuhimu wa ubora na kuridhika kwa wateja. Likapanda kutoka 2 hadi 3. Chatiboti zinazosahihisha zina huo ugonjwa wa kuvutwa na urefu, na kwenye chumba cha usaili ni kinyume kabisa: mtu wa tatu kwenye jopo ameshaanza kuangalia saa. Tukaweka mpaka kwenye kipimo, jibu lisizidi maneno 180, ambayo kwa kusema bila haraka ni kama dakika moja na nusu.

Jumapili baada ya kanisa akaja na jibu jipya la mzigo usiolingana. Lilikuwa zuri mno. Alikuwa ameiomba chatiboti imboreshee, na ndani yake kulikuwa na sentensi kwamba wakati wa mafunzo Kibaigwa "nilipunguza upotevu wa mzigo kwa asilimia 15."

"Hiyo asilimia 15 umeitoa wapi?"

"Imeandika yenyewe. Lakini mjomba, si inapendeza?"

Nikamgeuzia kiti, nikamuuliza kama jopo: asilimia 15 ya nini? Kabla ya hapo upotevu ulikuwa kiasi gani, na nani alikuwa anaupima? Akaangalia chini. Hivyo ndivyo mtu anavyokosa kazi aliyokuwa aipate, kwa namba asiyoijua. Chatiboti haikukusudia kumponza. Imesoma mifano mingi ya majibu mazuri ambayo karibu yote yana asilimia, ikaweka asilimia. Wakati wa kuomba marekebisho, ongeza kwamba isiongeze tukio wala namba usiyoitaja, na palipo na pengo iandike swali badala ya kulijaza.

Alipofanya hivyo ikamuuliza swali zuri: je, kuna siku ulikuta tofauti ya hesabu wewe mwenyewe? Na kumbe ilikuwapo. Wiki ya tatu kule ghalani liliingia lori la mahindi, delivari noti imeandikwa magunia 60. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni na tali, kila gunia la tano anakata mstari. Akapata 58. Dereva akamharakisha asaini, foleni ni ndefu. Hakusaini; alimwita msimamizi, wakahesabu pamoja, wakaandika 58 juu ya noti na dereva akasaini kando. Magunia mawili tu. Lakini hilo ni la kwake, akiulizwa upande wowote anajua la kusema, hata rangi ya lori anaikumbuka. Tulipolipeleka kwa msahihishaji, jibu likapata 4, 3 na 4.

Mpaka hapo yote ni maandishi, na usaili ni mdomo. Jumapili usiku akajaribu kwa sauti, akizungumza na simu. Bando liliisha upesi kuliko alivyotegemea, na kukatokea kituko. Kila aliposema "bin kadi", ile kadi ya kila bidhaa inayoandikwa kinachoingia na kinachotoka, simu iliandika "bila kadi". Jibu lake kwamba huangalia bin kadi kabla ya leja likasomeka kwamba huangalia bila kadi, chatiboti ikamkata alama kwa kutotumia kadi. Asingesoma maandishi kabla ya kuyapeleka kusahihishwa, angelala akiamini hajui kazi. Yeyote anayesema badala ya kuandika asome kwanza simu imesikia nini, hasa maneno ya fani na majina ya mahali.

Na kuna ambayo chatiboti haiwezi kuyaona. Nilimrekodi kwa simu yangu akijieleza kwa dakika mbili, tukasikiliza pamoja: "yaani" kumi na nne. Hakuna kipimo kingeyakamata, kwa sababu kwenye kuandika hayaandikwi. Jumatatu jioni nikapanga viti vitatu vya plastiki mbele ya duka, nikakaa mimi, mama muuza maandazi wa jirani na fundi simu. Binti akaingia, akakaa kabla ya kukaribishwa, akaweka simu mezani kioo kikiwa juu, na shikamoo akaisahau. Mama wa maandazi hakungoja mwongozo wa alama. "Rudi uingie upya, mwanangu." Akaingia mara nne.

Niseme pia kwamba haya yote ni ya usaili wa mahojiano. Kwa anayeomba serikalini, ambako kwa kawaida mchujo wa kuandika ndio unaotangulia, mazoezi ya namna hii yangoje, mchujo unasomewa.

Jumatano saa saba mchana alinipigia akiwa kwenye daladala. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mzigo usiolingana na leja uliulizwa, ila kwa mlango mwingine: leja imeandikwa kwa kilo, stoo imehesabiwa kwa magunia, utajuaje kama kuna upungufu? Alisimulia magunia yake 58, akasema angepima kwenye mzani magunia machache yaliyochaguliwa huku na kule kabla ya kuzidisha, maana gunia na gunia hazilingani. Mmoja akamuuliza noti ile ilisainiwa na nani. Akajibu papo hapo.

Halafu likaja swali ambalo hatukuligusa: utajuaje kwamba mzani wenyewe umeharibika? Alisema angepima kitu kimoja mara mbili, aone kama kinatoa uzito ule ule.

"Ungenipa ngapi hapo mjomba?"

"Mbili kati ya nne."

"Kwa nini si tatu?"

"Mzani uliokosea unaweza kukosea vile vile mara zote mbili. Hukutaja kupima kitu unachojua uzito wake, wala stika ya Wakala wa Vipimo kama muda wake haujaisha."

Akanyamaza kidogo, nikasikia konda anaita Sabasaba. "Subiri niandike," akasema, akakata simu.